Muhtasari wa kumwandaa bosi kwa kikao umerudi na maneno mawili pembeni: "Kwa hiyo?" Nisaidieni wakuu

Afisa_Mgeni

Wakuu habari za leo. Mimi ni mgeni kwenye hii kazi, nina miezi mitano tu. Jumanne ijayo, tarehe 22 Julai, Katibu Mkuu wetu anakutana na mkandarasi wa mradi wa maji. Mkandarasi ndiye aliyeomba kikao. Nikaambiwa niandae muhtasari wa kumwandaa bosi: mambo muhimu, hatari zilizopo, na hoja za kuzungumzia.

Nilikesha. Nikaandika kurasa 11: historia ya mradi tangu upembuzi yakinifu, wafadhili, orodha ya vikao vyote vilivyopita, jedwali la maendeleo ya kazi, hatari (nilizigawa za kifedha, kisiasa, kimazingira na kijamii), halafu hoja tisa za mazungumzo. Jana jioni faili likarudi mezani kwangu. Ukurasa wa kwanza una mstari mmoja wa kalamu nyekundu, pembeni ameandika "Kwa hiyo?" Kurasa nyingine kumi hazina hata alama. Nadhani hakuzifungua.

Niliyempelekea ni mkurugenzi wangu, bado halijafika kwa Katibu Mkuu. Nimuulize anamaanisha nini au nijiongeze? Nawasilisha.

Nahodha77

Dada, kosa ni kuandika muhtasari kabla ya kikao. Muhtasari unaandikwa kikao kikiisha: mahudhurio, kufungua kikao, yatokanayo, mengineyo, kufunga. Na kurasa 11 si nyingi, mimi nimewahi kuandika 19. Hakikisha tu wajumbe wanauthibitisha kikao kinachofuata.

Afisa_Mgeni

Asante kaka, ila hiyo ni ile kumbukumbu ya kikao. Huu ninaousema ni karatasi anayosoma bosi kabla hajaingia.

Nahodha77

Aaa, sawa. Basi hapo sina uzoefu. Nimekaa kusoma.

MzeeWaMafaili

Binti, usimuulize. Hilo "Kwa hiyo?" ndilo swali zima. Anamaanisha: nimesoma ukurasa mzima, bado sijajua kiongozi anaingia kwenye kile chumba kufanya nini.

Nimekaa ofisi ya kiongozi miaka mingi kabla sijastaafu, nikipokea karatasi kama hizo kutoka idara zote. Nikuambie zinavyosomwa. Anazisoma ndani ya gari, au amesimama mlangoni wakati wageni wameshakaa. Dakika kumi akijaliwa. Ukurasa wa kwanza anausoma, wa pili anaupitisha macho, wa tatu ni wako mwenyewe. Kwa hiyo kama jambo la maana liko ukurasa wa saba, kwake halipo.

Sasa niambie mambo matatu tu. Mkandarasi anataka nini hasa? Sisi tunataka nini kutoka kwake? Na je, kuna tarehe yoyote inayotukimbiza? Usinitumie kurasa 11, nijibu hapa kwa maneno yako.

Afisa_Mgeni

Shikamoo mzee. Anataka alipwe. Ana hati moja ya malipo haijalipwa. Mhandisi msimamizi alipokea madai yake tarehe 3 Machi, akatoa hati tarehe 31 Machi. Sisi hatujalipa mpaka leo. Pia anataka nyongeza ya muda ya siku 120.

Sisi tunataka... aendelee na kazi, nadhani.

Tarehe: aliandika barua, masijala wakaigonga muhuri 4 Julai. Anasema asipolipwa atasimamisha kazi baada ya siku 21. Hiyo niliiweka kwenye historia ya mawasiliano, ukurasa wa 7.

MzeeWaMafaili

Marahaba. Unaona sasa? Siku 21 kutoka tarehe 4 ni tarehe 25. Kikao ni tarehe 22. Bosi wako anaingia chumbani zikiwa zimebaki siku tatu mitambo izimwe, na wewe umemweleza upembuzi yakinifu.

Hilo ndilo la mstari wa kwanza. Si la pili.

Kokotoa

Mimi ni mkadiria majenzi, hizi hati ndizo zinazonilisha. Mkataba wenu ni wa aina gani? Kama ni kile kitabu chekundu cha FIDIC cha 1999, cha masharti ya mikataba ya ujenzi, mnatakiwa kulipa ndani ya siku 56. Hati imetoka 31 Machi, kwa hiyo mwisho wa kulipa ulikuwa 26 Mei. Siku ya kikao mtakuwa mmechelewa siku 57. Weka hiyo namba kwenye karatasi, viongozi wanapenda namba.

Afisa_Mgeni

Ndiyo, ni hicho cha 1999. Asante sana, naiweka.

Wakili_Mnyamavu

Usiiweke bado. Kokotoa yuko sahihi kwenye 56, ila ameanzia mahali pasipo. Kifungu cha 14.7 kinahesabu kuanzia siku Mhandisi alipopokea madai na viambatisho vyake. Hakihesabu kuanzia siku alipotoa hati. Mhandisi alipokea 3 Machi, kwa hiyo mwisho wa kulipa ulikuwa 28 Aprili. Siku ya kikao mtakuwa mmechelewa siku 85.

Fikiria bosi anasema "najua tumechelewa siku 57", na mwanasheria wa mkandarasi aliyekaa pembeni anatabasamu. Kuanzia hapo hakuna namba yoyote ya bosi wako itakayoaminika mle ndani.

Kuna lingine kubwa zaidi, na kwenye maelezo yako silioni kabisa. Kifungu cha 16.2 kinasema zikipita siku 42 baada ya ule mwisho wa kulipa bila mkandarasi kupata fedha yake, anaweza kuvunja mkataba kwa taarifa ya siku 14. Siku 42 kutoka 28 Aprili ziliisha 9 Juni. Maana yake barua yake ya kusimamisha kazi ni ya kistaarabu. Ana silaha nzito zaidi mfukoni na hajaitoa.

Tahadhari moja: haya ni masharti ya jumla. Masharti mahsusi ya mkataba wenu yanaweza kuwa yamebadilisha siku zozote kati ya hizo. Fungua mkataba wenyewe, uusome kwa macho yako, usiandike kwa sababu mtu wa mtandaoni amesema.

Kokotoa

Mh. Nimeenda kufungua kitabu, ni kweli, ni tangu kupokea madai. Nimekuwa nikihesabu tangu hati kwa sababu huku kwetu masharti mahsusi ndivyo yanavyosema. Nimekubali yaishe.

Afisa_Mgeni

Nimeufungua mkataba. Masharti mahsusi hayajagusa 14.7 wala 16. Kwa hiyo ni siku 85, na ile haki ya kuvunja mkataba anayo tayari. Nimepata baridi ya mgongo, kwenye "hatari za kifedha" nilikuwa nimeandika "uwezekano wa mradi kuchelewa iwapo changamoto za malipo hazitatatuliwa kwa wakati".

MzeeWaMafaili

Hiyo sentensi nimeisoma mara elfu moja maishani mwangu, kila idara inayo. Haina mtu ndani yake, haina tarehe. Kiongozi akiisoma anaitikia kichwa, anafungua ukurasa.

Hatari inayoandikwa kwa kiongozi iseme nani atafanya nini, lini, na sisi tutaionaje ikija. Kwa mfano: "Tarehe 25 Julai mkandarasi ana haki ya kusimamisha kazi. Akifanya hivyo, muda na gharama za kusimama ni juu yetu. Dalili ya mapema: akianza kuondoa mitambo ya kukodi." Hiyo mtu anaielewa akiwa ndani ya gari linalorukaruka.

Na zisizidi tatu. Hizo za kimazingira na kijamii kama hazitazungumzwa Jumanne, ziache zilipo. Hii si ripoti ya mradi.

Sasa swali ambalo hakuna aliyekuuliza bado: kwa nini hajalipwa?

Afisa_Mgeni

Hapo ndipo pagumu. Hati ilitufikia 2 Aprili. Ikakaa kwetu hadi 12 Mei kwa sababu kurasa mbili za jedwali la vipimo hazikuwa na saini, na hakuna aliyeirudisha kwa Mhandisi. Ilikaa tu. Baada ya hapo ikaenda kwa walipaji. Niliandika "malipo yako katika hatua za mwisho".

MzeeWaMafaili

Kwa walipaji iko wapi? Kwa nani? Tangu lini? Umepiga simu au umesoma faili?

Afisa_Mgeni

Nimesoma faili.

MzeeWaMafaili

Faili linakuambia jana. Piga simu.

Binti_Itifaki

Natia neno wakati tunasubiri simu. Mimi niko upande wa itifaki na nina kisa changu. Mwaka fulani tulimwandalia kiongozi karatasi nzuri kabisa, imenyooka. Chini kabisa afisa mmoja akaandika kwa herufi nzito: "Mgeni huyu ana tabia ya kukasirika haraka, usimbishie." Kiongozi akaweka karatasi mezani, akavaa miwani, akaanza kusoma. Meza ilikuwa nyembamba. Mgeni alikuwa anasoma pamoja naye, kichwa chini miguu juu! Kikao kizima yule mgeni alitabasamu tu, na hatukupata tulichokifuata.

Tangu siku hiyo mambo ya tabia za watu nayasema kwa mdomo. Na karatasi inayoingia chumbani ni tofauti na karatasi ya kusomea. Ya kuingia nayo ni kipande kidogo, hoja tu, maandishi makubwa, hakina "hatari" wala "udhaifu wetu".

Pia jina na cheo cha anayekuja vihakikiwe siku hiyohiyo asubuhi. Mara nyingi anayeomba kikao siye anayekuja.

Wakili_Mnyamavu

Naunga mkono, na naongeza. Hilo la hati kukaa kwenu siku 40, mimi nisingeliandika kabisa. Karatasi hizi zinaweza kuitwa kwenye usuluhishi kesho na keshokutwa. Ukiandika "ilikaa kwetu bila sababu" umemwandikia mkandarasi madai yake ya riba. Mwambie kiongozi kwa mdomo.

MzeeWaMafaili

Hapo sikubaliani nawe ndugu wakili. Nimeona viongozi wakiingia bila kuambiwa kosa la nyumbani, kwa sababu kila mtu alidhani mwingine atalisema kwa mdomo. Kiongozi anamfokea mgeni, mgeni anatoa kwenye mkoba nakala ya barua yenye muhuri wetu. Hiyo aibu haifutiki. Kosa letu liandikwe, tena juu, kwa maneno makavu: ilipokelewa tarehe fulani, ikaondoka tarehe fulani. Usitie "uzembe", usitie "kwa bahati mbaya". Tarehe tu.

Wakili_Mnyamavu

Tarehe tu naweza kuvumilia. Ingawa mzee, tarehe mbili zikikaa pamoja mtu mzima anapiga hesabu ya kutoa mwenyewe.

MzeeWaMafaili

Atoe. Riba ya kuchelewa iko kwenye mkataba tuandike tusiandike, na muhuri wa kupokea anao yeye.

Wakili_Mnyamavu

Wewe hukuwahi kukaa kwenye kiti cha kuhojiwa na karatasi yako ikisomwa kwa sauti. Tuliache hapo.

Afisa_Mgeni

Wakuu nimerudi. NIMEPIGA SIMU.

Hati haiko "hatua za mwisho". Walipaji walituandalia malipo, yakagonga mwamba Ijumaa iliyopita kwa sababu mkandarasi amebadilisha akaunti ya benki. Alileta barua ya kubadilisha, lakini aliyeisaini si yule aliyeidhinishwa kwenye mkataba. Wanasubiri barua sahihi. Mkandarasi mwenyewe huenda hajui, maana barua ya kumwambia bado iko kwenye rasimu. Walipaji wanasema wakipata barua sahihi wanahitaji siku tano za kazi.

Kokotoa

Duh! Kwa hiyo mngekaa mezani mnalaumiana wakati kinachokosekana ni saini moja.

MzeeWaMafaili

Sasa ndiyo una muhtasari. Simu ya dakika nne imezidi kurasa 11.

Lakini binti, usifurahi ukaigeuza kuwa fimbo. Kuna watakaokushauri uandike "kuchelewa kumesababishwa na mkandarasi". Si kweli. Kuanzia 28 Aprili hadi hiyo Ijumaa tulichelewa sisi. Tatizo la barua ya benki ni la tangu Ijumaa hiyo tu. Bosi akisema "mmejichelewesha wenyewe" watamfungulia hesabu ya siku hadi siku. Itumie kama njia ya kutokea.

Andika upya. Anza na: tunataka tutoke chumbani na nini. Mambo mawili, yawe ya kushikika kwa mkono.

Afisa_Mgeni

Nimejaribu. Hii hapa, nimetoa majina:

*Lengo la kikao.* Tutoke na mambo mawili: (1) mkandarasi akubali kwa barua kuahirisha kusimamisha kazi kutoka 25 Julai hadi 8 Agosti, (2) alete barua ya akaunti ya benki yenye saini ya aliyeidhinishwa kabla ya Ijumaa tarehe 25.

*Hali ilivyo.* Hati ya malipo ilipaswa kulipwa 28 Aprili. Hadi siku ya kikao ni siku 85. Hati ilikuwa kwetu 2 Aprili hadi 12 Mei. Malipo yameandaliwa, yamekwama tangu Ijumaa kwa saini ya barua ya benki. Walipaji wanahitaji siku tano za kazi baada ya kuipata (simu kwa dawati la malipo, 17 Julai). Maendeleo ya kazi: asilimia 61.

*Hatari.* Tarehe 25 anaweza kusimamisha kazi. Tangu 9 Juni ana haki ya kuvunja mkataba kwa taarifa ya siku 14; hajaitaja. Ataomba siku 120 za nyongeza mbele yako.

*Hoja.* "Wizara inatambua umuhimu wa ushirikiano wenye tija baina ya pande zote katika kuhakikisha utekelezaji wa mradi unakamilika kwa ufanisi..."

Hoja ziko sita za namna hiyo. Nahisi hapo ndipo nimerudi kule kule.

MzeeWaMafaili

Umejihukumu mwenyewe. Juu pote pamenyooka, mwanangu, hata tarehe ya simu umeweka. Hiyo 8 Agosti umeifikiria vizuri: barua ikija Ijumaa, siku tano za kazi zinaisha Ijumaa inayofuata, na umebakiza wiki ya pumzi.

Hoja sasa. Simama, zisome kwa sauti kama wewe ndiye bosi. Hiyo ya kwanza itakuishia pumzi kabla ya "ufanisi". Hakuna binadamu anayesema hivyo akiwa anamtazama mtu anayemdai. Akikosa cha kusema kwenye karatasi yako, atasema chake, na chake ndicho ninachokiogopa.

Wakili_Mnyamavu

Hicho chake nakijua. "Msijali, muda mtaongezewa." Kesho yake inaingia barua: "Kama ulivyotuahidi kwenye kikao cha tarehe 22..." Nyongeza ya muda inaamuliwa na Mhandisi kwa utaratibu wa mkataba, haiamuliwi kwenye sofa. Au anasema "endeleeni na ile kazi ya ziada, tutaangalia", na hapo ametoa maagizo juu ya kichwa cha Mhandisi.

Kwa hiyo weka sehemu fupi: yasiyosemwa. Tarehe ya malipo isitajwe hadi barua ya benki ifike. Siku za nyongeza zisitajwe. Neno "msamaha wa riba" lisitajwe, si kwa kuomba wala kwa kukataa.

Kokotoa

Na mimi nifidie kosa langu la siku 57. Hiyo asilimia 61 ni ya nani? Nina uhakika mkandarasi atasema kubwa zaidi.

Afisa_Mgeni

Ya Mhandisi. Ripoti ya mkandarasi inasema 68.

Kokotoa

Ndivyo huwa. Uliza kama kwenye 68 amehesabu mabomba yaliyoletwa yakawekwa kando ya mtaro bila kulazwa. Mara nyingi tofauti iko hapo. Weka zote mbili kwa mstari mmoja na sababu, ili bosi akisikia 68 asigeuke kukutazama wewe mbele za watu. Kule kugeuka ndiko kunakoua.

Afisa_Mgeni

Nimeuliza, ni mabomba kweli. Nimeandika: "Mhandisi 61, mkandarasi 68 kwa sababu anahesabu mabomba yaliyopo eneo la kazi ambayo hayajalazwa. Usibishane, si ajenda ya leo."

Hoja nimezipunguza. Nimezisoma mbele ya kioo:

"Hati yenu ya Machi ilipaswa kulipwa 28 Aprili. Tumechelewa, na sikuja kutafuta sababu."

"Malipo yameandaliwa. Yanasubiri barua moja ya benki kutoka kwenu. Hii hapa nakala ya saini inayotakiwa. Nani kati yenu ataileta, na siku gani?"

"Nikiwa na barua hiyo mkononi, naomba nanyi mniandikie kuwa kazi haitasimama hadi tarehe 8 Agosti."

Wakitaja nyongeza ya muda: "Hilo liko kwa Mhandisi. Nitamwomba atoe jibu lake kwa wakati, sitalijibu mimi hapa."

Wakitishia kuvunja mkataba: "Haki zenu nazijua. Leo nataka tumalize barua ya benki."

Wakili_Mnyamavu

Hiyo "tumechelewa" inaniwasha. Ningesema "malipo hayajafanyika". Lakini najua mzee atanijibu nini.

MzeeWaMafaili

Nitakujibu kwamba mtu anayedai siku 85 akisikia "malipo hayajafanyika" anafunga daftari. Mwachie mkurugenzi aamue. Binti, muwekee neno hilo kwenye mabano ya kalamu, umwambie kuna maoni mawili.

Na asubuhi ya tarehe 22, kabla karatasi haijaondoka, piga tena simu kwa dawati la malipo. Mambo yanageuka usiku.

Binti_Itifaki

Na ile ya kuingia nayo chumbani: hoja tano tu, maandishi makubwa. Hatari zibaki kwenye gari.

Afisa_Mgeni

Nimepeleka. Kurasa moja na robo. Mkurugenzi kasoma amesimama, akafuta "sikuja kutafuta sababu", "tumechelewa" akaiacha. Hakuandika kitu pembeni. Sijui ni vizuri au vibaya.

Nahodha77

Kwa wakurugenzi ninaowajua mimi, hiyo ni sherehe.

Afisa_Mgeni

Mrejesho wakuu, leo ni tarehe 22 jioni.

Nilikaa nyuma kuandika. Bosi alitumia hoja tatu kati ya tano, nyingine alizisema kwa maneno yake na zilikuwa nzuri kuliko zangu. Alipouliza "nani ataileta, na siku gani?" chumba kilinyamaza, wakatazamana, kumbe kweli hawakujua barua yao imekataliwa. Wameahidi kesho saa 4. Kuhusu kusimamisha kazi wamekataa 8 Agosti, wamekubali tarehe 1 Agosti, wataandika. 68 ilitajwa, bosi akaitikia tu akaendelea.

Nyongeza ya muda alichomoka vizuri mara ya kwanza. Mara ya pili, wakiwa wamesimama wanapeana mikono mlangoni, nikamsikia anasema "tutaliangalia". Wakili, hiyo inahesabika?

Halafu kuna kitu ambacho hakikuwa kwenye karatasi yangu kabisa. Mwanasheria wao aliuliza kuhusu "uthibitisho wa fedha za mradi" ambao waliomba kwa barua. Bosi akanitazama. Sikuwa na jibu. Akasema tutawajibu.

Wakili_Mnyamavu

"Tutaliangalia" yenyewe ni nyepesi, lakini andika leo kwenye kumbukumbu ya kikao kwamba suala la muda limebaki kwa Mhandisi, na kumbukumbu hiyo iwafikie kabla barua yao haijaja. Sasa Nahodha ana kazi.

Hilo la pili silo jepesi. Ni kifungu cha 2.4. Akiomba ushahidi kuwa mna fedha za kumlipa, mna siku 28 kumpa. Msipompa, hiyo nayo ni sababu ya kutosha kusimamisha kazi, hata kama hati ya Machi imelipwa yote.

MzeeWaMafaili

Barua yao ni ya lini?

Afisa_Mgeni

Alisema waliileta 30 Juni.

MzeeWaMafaili

Basi ni hadi tarehe 28. Jumatatu. Barua umeiona?

Afisa_Mgeni

Kwenye faili la mradi haipo. Huenda iliingia kwenye faili la fedha. Masijala wanafunga saa 11, ngoja nikimbie.